Protini Isiyoshikika

Methisilini ilianza kutumika Uingereza mwaka 1959. Kufikia 1961, bakteria aina ya stafilokokasi wasiosikia dawa hiyo walikuwa wameshagunduliwa huko huko. Kwa kawaida dawa hii hung'ang'ania protini zinazofuma ukuta wa bakteria, ukuta ukalegea na bakteria akapasuka. Lakini aliyebeba jeni ya mecA hutengeneza protini nyingine ya kufuma, ambayo dawa haiwezi kuishika sawasawa. Hapo karibu jamii yote ya penisilini haifui dafu.

Wodini, bakteria huyu husafiri viganjani: muuguzi anafungua bendeji ya kidonda, anashika reli ya kitanda, anamwendea mgonjwa wa pili kabla hajanawa. Linaloniumiza zaidi ni kwamba wengine humbeba puani bila dalili yoyote, nasi tunapima vidonda tu.