Neno «bure» lenye kukata unite



Watu wengi wanasema: «Banakula unite yangu, na sikuite mutu.» Leo tuone vile inafanyika.

Mesaji inaingia kutoka namba fupi: habari za mpira, siku 3 bure, bonyeza 1. Unabonyeza. Siku ya 4 wanaanza kukata franka 100 kila siku. Tuseme mwezi una siku 30: toa 3 za bure, inabaki 27. Ni franka 2.700, na pengine hata mesaji moja ya mpira haukusoma. Unite ikiisha, usifikiri abonema imekufa. Mara nyingi inangojea tu uweke ingine, halafu inakata.

Kompani itajibu: «Ulibonyeza mwenyewe.» Lakini Kodi Sivili yetu, Kitabu cha 3, kifungu cha 8, inataka makubaliano ya yule anayejifunga ndipo kontra iwe halali. Wewe ulikubali siku 3 za bure. Kama bei na kujirudia kwa abonema havikuandikwa pale ulipobonyeza, uliza: hayo mengine nilikubali wapi?

Namna ya kujua: jioni zima data, andika salio, usipige simu wala kutuma mesaji. Asubuhi angalia tena. Ikipunguka, kuna kitu kinachokula. Kama data ilikuwa wazi, hauwezi kujua, juu data nayo inakula unite. Tafuta mesaji za namba fupi, ujibu STOP ao neno waliloandika. Usizifute: ndizo ushahidi wako.

Kwa wale wanaolipa aplikasio kupitia Google Play, mutego ni mwingine. Kutoa aplikasio kwenye telefone hakukati abonema, malipo yanaendelea. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia «Paiements et abonnements», kisha «Abonnements», chagua aplikasio, gusa «Annuler l'abonnement». Fanya hivyo mbele siku za bure haziishe.

Tunakumbuka RAM. Kuanzia 2020 walikata unite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G. Ile ilikuwa malipo ya serikali, hii ni kontra ya biashara, lakini mufuko ni uleule. Watu walikataa, na 2022 RAM ikaondolewa.

Kwa ARPTC, yenye kusimamia kompani za simu, tunaomba mambo matatu. Bei na siku ya kukata viandikwe ndani ya mesaji ya kwanza kabisa, kwa luga tunayosikia. Siku za bure zikiisha, mutu aulizwe tena. Akinyamaza, abonema ife. Na kutoka kuwe rahisi sawa kuingia: kama kuingia ni kubonyeza 1, kutoka pia kuwe kubonyeza mara moja.

Kunyamaza si kukubali.