Mwomba Hifadhi, Mkimbizi na Mhamiaji: Maneno Matatu Mbele ya Sheria
(Mazungumzo na wakazi wa Gihosha)



Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia nchini mwetu kupitia Cibitoke, wengi wao wakiuvuka mto Rusizi. Wengi walipokewa kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Katika habari tulizozisikia, watu wale wale waliitwa leo wakimbizi, kesho waomba hifadhi, keshokutwa wahamiaji.

Tuchukue mfano wa mama aliyevuka usiku, bila pasipoti wala kibali. Je, ni mhamiaji haramu? La. Mkataba wa Geneva wa 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, mradi ametoka moja kwa moja katika hatari na kujitokeza mapema kwa wakuu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unaongeza kwamba anayekimbia vita au machafuko makubwa ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemwinda yeye binafsi.

Mwomba hifadhi ni yule aliyekwisha kuomba ulinzi na angali akisubiri uamuzi. Hapa kwetu maombi hupokewa na ONPRA, ofisi ya taifa ya kuwalinda wakimbizi na watu wasio na uraia. Lakini panapokuwa na vita vinavyojulikana na wote, dola huweza kulitambua kundi zima bila kumhoji kila mmoja. Ndivyo Burundi inavyowatendea Wakongo wanaokimbia Kivu. Kwa hiyo mama yetu ni mkimbizi. Tena cheti hakimfanyi awe mkimbizi: kinathibitisha tu hali aliyokuwa nayo tangu alipovuka.

Mhamiaji ni neno pana, wala sheria ya kimataifa haina maana moja ya neno hilo inayokubaliwa na wote. Kwa kawaida ni aliyehamia kwa kazi, masomo au jamaa. Huyo angali na ulinzi wa serikali yake, na kukaa kwake hufuata sheria za uhamiaji.

Mchanganyiko wa habari una sababu zake. Mwandishi huwahi taarifa kabla ya orodha kukamilika, na njia moja hupitwa na mfanyabiashara na mkimbizi pamoja. Lugha nayo inachangia: kwa kuwa neno mkimbizi limetokana na kukimbia, hata walioondolewa Gatumba na mafuriko huitwa hivyo, ingawa hawakuvuka mpaka wowote na kisheria ni wahanga wa maafa ndani ya nchi yao.

Kosa hilo huweza kumgharimu mtu. Mhamiaji asiye na kibali huweza kurudishwa kwao kwa njia ya sheria. Mkimbizi, kwa kifungu cha 33, harudishwi penye hatari, na mwomba hifadhi vivyo hivyo hadi uamuzi utoke. Basi mpangaji mgeni akiwaambia amekimbia vita, msimwite haramu mbele ya polisi. Semeni alivyosema, nasi tutampeleka ONPRA.