Makato Usiyoyaelewa: Jinsi ya Kuiandikia Timu ya Malipo ya Mtandao wa Matangazo

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo wanaotangaza bidhaa zao mtandaoni. Yamechapishwa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wengi walioketi hapa wameshalipia tangazo mtandaoni, na baadhi yao wameona kadi ikikatwa pesa wasizozielewa. Mtu akiona hivyo, jambo la kwanza analofanya ni kuandika kwa hasira: "Mmeniibia, rudisheni pesa zangu." Siku chache baadaye anapokea jibu fupi kwamba makato ni sahihi, na mambo yanaishia hapo. Shida huwa haiko kwenye hasira. Shida ni kwamba barua haikusema ni pesa zipi hasa zinazopingwa.

Chukua mfano wa mama mmoja anayeuza viti na makochi. Mwezi wa Juni aliweka tangazo moja, bajeti ya shilingi 500 kwa siku, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 14. Hizo ni siku kumi, kwa hivyo alitarajia kulipa shilingi 5,000. Mwisho wa mwezi alipopata taarifa ya benki aliona makato matano: shilingi 2,320 tarehe 6, nyingine 2,320 tarehe 10, nyingine 2,320 tarehe 14, halafu 2,204 tarehe 19 na 1,624 tarehe 30. Jumla ni shilingi 10,788. Kwa hesabu yake, amezidishiwa shilingi 5,788.

Angeandika barua akidai shilingi 5,788, angeshindwa. Sehemu ya pesa hizo anadaiwa kwa haki, na anayesoma barua angeiona sehemu hiyo kwanza. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kutoa kwenye hesabu kila kitu chenye maelezo.

La kwanza ni kodi. Huduma za kidijitali zinazouzwa nchini na kampuni za nje hutozwa kodi ya VAT, ambayo hapa Kenya ni asilimia 16. Bajeti unayoandika kwenye tangazo kwa kawaida haina kodi ndani yake. Shilingi 5,000 za matangazo zinakuwa shilingi 5,800 zikifika kwenye kadi.

La pili ni namna mitandao inavyokata pesa. Mara nyingi haikati kila siku. Inasubiri deni lifike kiwango fulani, au tarehe fulani ya mwezi ifike, ndipo inakata. Akaunti ya mama huyu ilikuwa na kiwango cha shilingi 2,000. Mwezi wa Mei alikuwa na tangazo dogo lililoacha deni la shilingi 1,000. Deni hilo halikufika kiwango, kwa hivyo lilimsubiri Juni. Siku mbili za kwanza za tangazo jipya ziliongeza shilingi 1,000, deni likafika 2,000, akakatwa tarehe 6. Siku nne zilizofuata zilileta 2,000 nyingine, akakatwa tarehe 10. Siku nne za mwisho zikaleta 2,000 nyingine, akakatwa tarehe 14. Kila mara 2,000 pamoja na kodi ni 2,320. Makato matatu ya kwanza, jumla ya shilingi 6,960, yamekwisha kuelezeka yote.

Kuna mambo mengine mawili ya kukagua hapa, ingawa mama huyu hayakumhusu. Akaunti iliyowekwa kwa dola hubadilishiwa pesa na benki, na benki huongeza ada yake. Pia bajeti ya siku si ukuta. Kwa kawaida, Google Ads inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku katika siku moja, mradi mwezi mzima usizidi bajeti hiyo mara 30.4. Kwa hivyo siku moja iliyozidi si ushahidi wa kosa. Tazama jumla.

Sasa yanabaki makato mawili, 2,204 na 1,624. Jumla yake ni shilingi 3,828. Hizi ndizo pesa za kuandikia barua.

Kabla ya kuandika, linganisha karatasi mbili. Ya kwanza ni taarifa ya benki, inayoonyesha pesa zilizotoka. Ya pili ni orodha ya risiti iliyo ndani ya akaunti ya matangazo, sehemu ambayo kwa kawaida huandikwa Billing. Kila makato halali yana risiti yenye nambari yake na nambari ya akaunti ya matangazo. Tarehe zinaweza kupishana kwa siku moja au mbili, kwa sababu benki huchelewa kuandika na akaunti inaweza kufuata saa za nchi nyingine. Fuata kiasi na nambari, usifuate tarehe peke yake.

Mama huyu alipolinganisha, makato matatu ya kwanza yalikuwa na risiti. Mawili ya mwisho hayakuwa na risiti yoyote kwenye akaunti yake. Ripoti ya matangazo nayo ilionyesha sifuri kuanzia tarehe 15.

Hapo picha inabadilika. Ingekuwa kosa la hesabu, au mtu ameingia kwenye akaunti yake na kuweka tangazo, risiti zingeonekana humo humo, na historia ya mabadiliko ingeonyesha nani aliongeza bajeti na lini. Makato yanayoonekana benki lakini hayaonekani kwenye akaunti yana maana nyingine: kadi yake imewekwa kwenye akaunti nyingine ya matangazo. Hili hutokea sana pale mtu anapomwachia kijana wa saiba au rafiki kadi yake amfungulie tangazo, na kadi ikabaki kwenye akaunti ya huyo mtu. Huenda ni wizi, huenda ni kusahau. Barua haihitaji kuamua ni lipi.

Likifika hapo, mambo mawili hufanywa siku hiyo hiyo. Pigia benki isimamishe kadi, ili makato ya Julai yasifuate. Halafu andika barua. Barua ya mama huyu ilikuwa hivi:

"Kwa Timu ya Malipo,

Yah: Makato mawili, jumla shilingi 3,828, yasiyo na risiti kwenye akaunti yangu.

Mimi ndiye mwenye akaunti ya matangazo ambayo nambari yake iko juu ya fomu hii. Kadi yangu inaishia na tarakimu nne zilizo kwenye kiambatisho A.

Mwezi wa Juni kadi hiyo ilikatwa mara tano kwa jina la kampuni yenu. Nakubali makato matatu, ya tarehe 6, 10 na 14, kila moja shilingi 2,320. Risiti zake ninazo na zimeambatishwa.

Napinga makato mawili: shilingi 2,204 ya tarehe 19 Juni, na shilingi 1,624 ya tarehe 30 Juni. Nambari za miamala zimewekewa alama kwenye kiambatisho A. Makato haya hayana risiti kwenye akaunti yangu, kama kiambatisho B kinavyoonyesha. Tangazo langu lilikwisha tarehe 14, na ripoti ya tarehe 15 hadi 30 inaonyesha matumizi ya sifuri, kama ilivyo kwenye kiambatisho C.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mthibitishe kama makato haya mawili yalifanywa na akaunti nyingine isiyo yangu. Pili, muiondoe kadi yangu kwenye akaunti hiyo. Tatu, mnirudishie shilingi 3,828, au mnieleze kwa maandishi kwa nini hazirudishwi.

Viambatisho: A, taarifa ya benki ya Juni. B, orodha ya risiti za Juni. C, ripoti ya matumizi ya tangazo."

Kama mtandao unapokea malalamiko kwa Kiingereza tu, mpangilio ni huo huo.

Angalieni barua hiyo inafanya nini. Inakubali inachodaiwa kabla ya kupinga. Msomaji wake ana barua nyingi mbele yake, na akiona mteja amejua mwenyewe kwamba shilingi 6,960 ni halali, hana tena jibu rahisi la kumweleza habari za kodi na bajeti. Inabaki shilingi 3,828 tu, na lazima azifungulie faili. Pia barua haimtaji mtu yeyote kuwa mwizi. Kampuni haiwezi kumhukumu kijana wa saiba, wala haitakupa jina la mwenye akaunti nyingine. Inachoweza kufanya ni kuona kadi imetumika wapi, na ndicho ilichoombwa.

Kuhusu viambatisho, taarifa ya benki ifunikwe miamala isiyohusika. Nambari ya kadi zionekane tarakimu nne za mwisho pekee. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi, PIN na namba ya siri inayotumwa kwa simu hazitumwi kwa mtu yeyote. Barua itumwe kupitia sehemu ya msaada iliyo ndani ya akaunti yenyewe. Anayekupigia simu au kukuandikia WhatsApp akijiita timu ya malipo na kuomba neno lako la siri ni mlaghai, hata akijua kiasi ulichokatwa. Baada ya kutuma, hifadhi nambari ya kesi utakayopewa na uijibu barua ndani ya kesi hiyo hiyo. Ukifungua kesi mpya kila wiki, kila msomaji ataanza upya.

Na wakikataa? Njia iliyobaki ni benki. Mwenye kadi anaweza kuiomba benki irudishe muamala asiouidhinisha. Kwa kadi za Visa muda wa kupinga mara nyingi ni siku 120, lakini benki nyingi hutaka kuarifiwa mapema zaidi, kwa hivyo waulize mara tu unapogundua, usisubiri kampuni ijibu. Peleka barua ile ile na viambatisho vile vile.

Hapa ndipo wengi hujiumiza. Kwa hasira wanaiambia benki irudishe makato yote matano. Benki ikirudisha, mtandao unahesabu yale matatu halali kuwa deni na kuifunga akaunti ya matangazo. Mama wa makochi angepata shilingi 10,788 na kupoteza akaunti yenye wateja wake wote. Benki iombwe mawili tu.

Mwisho, mama huyu aliamua kadi yake ya duka isiingizwe tena kwenye simu wala kompyuta ya mtu mwingine. Kijana anayemsaidia sasa amepewa ruhusa ya kuhariri matangazo ndani ya akaunti ya mama mwenyewe. Akiongeza bajeti, jina lake linabaki kwenye historia, na risiti inaonekana pale pale.