Moyo Ukienda Mbio Ukisimama

Kijana wa Thika, kijana wa Ruiru, sikiliza. Ukilala, moyo umetulia. Ukisimama, unaenda mbio, kichwa kinazunguka. Ukilala tena, unapata nafuu. Huo si uvivu, hata nyumbani wakisema hivyo.

Ukisimama, damu hushuka miguuni. Mishipa hujibana kuirudisha juu. Isipojibana vya kutosha, moyo hupiga haraka kufidia.

Jipime, mtu akiwa karibu nawe. Lala dakika 10. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Simama, uhesabu tena hadi dakika 10 ziishe. Ukizidiwa, keti. Tuseme yametoka 70 yakafika 115, yakabaki huko. Kwa kijana wa rika la sekondari, kupanda kwa 40 au zaidi ni dalili ya kuchunguzwa.

Andika namba hizo, uende hospitali ya Thika au Ruiru. Omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha umesimama. Omba na kipimo cha damu, kwani upungufu wa damu nao huukimbiza moyo, hasa kwa msichana mwenye hedhi nzito.

Kwa sasa, kunywa maji mara kwa mara. Kabla ya kusimama, keti kwanza. Chumvi usiongeze mpaka daktari aseme. Ukizimia ukikimbia, au kifua kikiuma, nenda siku hiyo hiyo.