Kabla ya Pipa la Kwanza: Pemba, Karafuu na Laana ya Rasilimali

Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah mkataba wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Pemba na Unguja. Tangu hapo huulizwa kama kisima kitatutajirisha. Mimi nauliza jambo jengine: fedha zikija, zitapitia mkono wa nani, na mkono huo utawajibika kwa nani? Nchi zenye mafuta hubaki maskini pale serikali inapopata fedha bila kumhitaji raia. Asiyetozwa kodi hana pa kumbania mtawala, na mtawala hana sababu ya kumsikiliza.

Pemba inalijua hilo kupitia karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar huchumwa hapa, na tangu 1968 mnunuzi aliyeruhusiwa ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, lakini mkulima wa Wete au Mkoani alilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti iliingia hazina, na maamuzi ya matumizi yalifanyika Unguja, ambako ndiko yalikosimama majumba ya Michenzani na kituo cha televisheni ya rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake. Bei ikaporomoka, na uchumi uliojengwa juu ya zao moja ukaporomoka nayo.

Utaambiwa karafuu si mafuta, kwa kuwa mkarafuu huota tena na una mwenyewe. Ni kweli, na hapo ndipo hofu yangu inapozidi. Mkulima aliyepunjwa aliweza kuacha karafuu mtini, au kuzivusha kwa magendo hadi Kenya. Upungufu huo ulionekana ghalani, na serikali ikalazimika kuuhesabu. Mwaka 2011 ilipoamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, karafuu zilirudi kwenye vituo vya shirika. Kisima cha baharini hakina mchumaji wa kugoma.

Wengine watataja Botswana, iliyogundua almasi Orapa mwaka 1967 ikiwa maskini wa kutupwa, na ikainuka. Mfano huo naukubali. Lakini Botswana ilikuwa na bunge lililohoji matumizi na hazina iliyopanga kabla ya kutumia, na vyombo hivyo vilikuwepo fedha zilipoanza kuwa nyingi. Kuvijenga baada ya fedha kuingia ni kazi ngumu zaidi, maana wanaonufaika na giza huwa wameshapata nguvu ya kulilinda.

Zanzibar ina sheria yake ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, ya 2016. Nawaomba wawakilishi na wananchi wa Pemba wadai sasa, kisima kikiwa bado hakijatoa kitu, mkataba wenyewe usomwe hadharani kwa Kiswahili, na mgao wa kisiwa hiki uandikwe katika sheria.