Deni la Usingizi Majengo: Kijana Mwanamichezo Kati ya Isha na Alfajiri

Wazazi, walimu, maustadhi na makocha wa Mombasa wanamfahamu vyema kijana huyu, ingawa kila mmoja anamwona kwa saa zake tu. Mwalimu humwona akisinzia kipindi cha kwanza. Kocha humwona akichelewa hatua moja kuufikia mpira ambao mwezi uliopita aliuwahi. Mama humwita mara nne kabla hajaamka. Anayeziona saa zote 24 kwa pamoja hayupo, na kwa sababu hiyo tatizo hupewa jina la uvivu.

Mhadhara huu unamchukua kijana mmoja wa mfano, aliyeundwa kutokana na maisha ya kawaida ya Majengo, na kuzihesabu saa zake. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa kisiwani, na ni winga wa timu ya mtaa na ya shule pia. Mama yake huuza viazi karai na bajia kando ya barabara jioni. Huamka saa 11 alfajiri kwa swala, kisha hudurusu mpaka kupambazuke. Saa 1 asubuhi yuko shuleni, na hutoka saa 10. Saa 10 na nusu yuko uwanjani mpaka karibu na Magharibi. Baada ya kuswali humsaidia mama kukaanga na kuuza hadi saa 3 usiku, akaosha sufuria, akala, kisha akafungua madaftari. Kazi za shule humfikisha saa 5. Simu humchukua dakika nyingine arobaini na kitu. Saa 5 na dakika 45 ndipo analala.

Ukihesabu, analala saa tano na robo. Chuo cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba walio na umri wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku. Tukishika kiwango cha chini kabisa, kijana huyu alihitaji saa 40 kwa usiku tano za shule, naye amepata 26 na robo. Anaingia wikendi akiwa na deni la karibu saa 14. Hata akilala saa 9 Jumamosi na Jumapili, atakuwa amelipa mbili tu.

Jibu la haraka la watu wazima ni kumwambia alale mapema. Ushauri huo haukosei, ila unasahau jambo ambalo Mary Carskadon na wenzake walianza kulifuatilia katika miaka ya 1970, walipowalaza watoto na vijana maabara huko Chuo Kikuu cha Stanford na kupima usingizi wao. Kijana anapobaleghe, saa ya mwili wake husogea mbele. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kupanda kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, na uchovu wa mchana nao hujikusanya polepole zaidi. Mtoto wa miaka 9 akizimika saa 2 usiku, kaka yake wa miaka 16 anaweza kulala kitandani saa 3 macho makavu. Haigizi.

Alfajiri, kwa upande wake, haisogei. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana na usiku wake hukaribia kulingana mwaka mzima. Kijana wa Majengo hana msimu wa kiangazi wala wa baridi wa kumpa nafasi ya ziada. Mwanzo wa usiku wake unasukumwa mbele na mwili, biashara na madaftari, huku mwisho wake ukibanwa na adhana na kengele ya shule.

Kinachopotea katikati si kitu kimoja. Usingizi mzito, ule ambao mtu akiamshwa hajui yuko wapi, hujaa katika sehemu ya kwanza ya usiku, na ndipo homoni ya ukuaji inapotoka kwa wingi. Usingizi wa ndoto hujaa kuelekea alfajiri. Kijana anayelala saa tano huokoa sehemu kubwa ya usingizi mzito na kupoteza mwisho wa usiku. Kwa hiyo kifua na mapaja yake yanaweza kuendelea kuonekana ya mwanamichezo, na mzazi akatulia kwamba mtoto yuko sawa.

Hasara hujificha kwenye ufundi. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake waliwafundisha watu mfuatano wa kubonyeza vidole, wakawapima baada ya kulala usiku mmoja. Kasi ilikuwa imepanda kwa takriban asilimia 20 bila mazoezi mengine, na waliopanda zaidi ni wale waliopata zaidi usingizi wa hatua ya pili, hasa katika robo ya mwisho ya usiku. Vidole si miguu, na maabara si uwanja wa Serani. Hata hivyo kocha anayefundisha krosi Jumatatu jioni, kisha Jumatano akakuta vijana wameisahau, anaweza kujiuliza walilala vipi Jumatatu hiyo kabla hajaanza kufoka.

Majeraha nayo yamechunguzwa. Mwaka 2014 Matthew Milewski na wenzake walichapisha utafiti wa wanamichezo 112 wa shule moja huko Los Angeles. Waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao. Tahadhari inahitajika: saa hizo walizitaja vijana wenyewe, na waliokuwa madarasa ya juu, ambao kwa kawaida hulala kidogo, waliumia zaidi pia. Utafiti huo haujathibitisha kwamba usiku mfupi ndio uliovunja mguu. Umeonyesha kwamba viwili hivyo huandamana.

Vijana wetu hupenda kutajiwa Eliud Kipchoge, na husimuliwa jinsi anavyotoka kambini Kaptagat kabla jua halijachomoza. Nusu ya pili ya habari haisimuliwi sana: hulala mapema, karibu saa 3 usiku, na mchana huongeza usingizi mwingine. Ukichukua kuamka kwake ukaacha kulala kwake, umechukua mazoezi ya bingwa bila mapumziko yanayoyabeba.

Serikali yenyewe iliwahi kuandika hesabu nzuri. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya kutwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 9 na nusu, kisha michezo mpaka saa 10 na dakika 45. Kwa shule za bweni zilitaja hata muda wa kitanda: saa 3 na nusu usiku hadi saa 12 asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Shule inayowataka wanafunzi langoni saa 1 inatumia muda ambao kanuni haikuipa.

Lakini kijana wetu hawezi kungoja shule ibadilike, na mama hawezi kufunga biashara. Turudi basi kwenye ratiba yake tuone kinachoweza kuhamishwa.

Cha kwanza ni madaftari. Kati ya Magharibi na Isha kuna kama saa moja yenye utulivu. Kazi ngumu, hesabu kwa mfano, ikifanywa hapo, na nyingine ndogo ikamalizwa mapumziko ya mchana shuleni, saa za madaftari za usiku zinayeyuka. Biashara anaifikia baada ya Isha badala ya kabla yake. Ili mama asipungukiwe, viazi vinamenywa na kuchemshwa mapema, na mdogo wake, wa kike au wa kiume, anashika saa ya kwanza ya kuuza. Hapa majirani watasema mvulana amedekezwa. Ukweli ni kwamba katika nyumba nyingi dada wa kijana kama huyu, naye mchezaji wa voliboli, huosha vyombo bila mtu kumhesabia saa. Ugawaji mpya ukimruka yeye, deni limehamishwa tu chumba cha pili. Sufuria zilowekwe usiku na zioshwe kwa zamu.

Simu ibaki sebuleni. Chai ya usiku iwe nyepesi au isiwepo, kwa sababu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini kama saa tano baadaye. Kahawa tungu ya barazani ni vivyo hivyo. Muguka, ambayo Gavana Abdulswamad Nassir alijaribu kuipiga marufuku Mei 2024 kabla ya amri hiyo kusimamishwa mahakamani, huwafanya watumiaji wake wakeshe, na kijana akionekana mchangamfu saa 6 usiku baada ya kuitafuna hajapata nguvu mpya.

Kwa mpangilio huo anapata usingizi saa 4. Si usiku wa kwanza, bila shaka. Mwili uliozoea karibu saa 6 usiku utagoma, kwa hiyo asogeze saa ya kulala nyuma kwa robo saa kila baada ya siku mbili tatu. Joto litamsumbua zaidi ya mawazo, hasa Kaskazi inapovuma Februari na Machi. Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, na hushuka kwa kutokea kwenye ngozi. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala huifungua mishipa ya ngozi na kusaidia hilo. Feni ipulize juu ya chandarua chembamba, na godoro la sponji lisisukumwe pembeni ya ukuta uliochomwa na jua la alasiri.

Saa 4 hadi 11 ni saa 7. Na kwa kuwa madaftari yamekwisha, hakuna tena haja ya kudurusu baada ya swala. Arudi kitandani mpaka saa 12. Wazee wengi hawaupendi usingizi wa baada ya Alfajiri, na hoja yao inafaa kuheshimiwa kwa mtu mzima aliyelala mapema. Kwa kijana huyu ni dakika 40 zinazoangukia wakati ambao mwili hupenda sana usingizi wa ndoto. Jumla inakuwa saa 7 na dakika 40. Deni la wiki ya shule linashuka kutoka karibu saa 14 hadi chini ya saa mbili, na usingizi wa Jumamosi baada ya Adhuhuri unalimaliza. Siku za kawaida dakika 20 za kuinamia dawati mchana zinatosha. Akizidisha hadi kuingia usingizi mzito ataamka mzito wa kichwa, na akilala baada ya saa 10 jioni ataiba usiku wake mwenyewe.

Bado anahitaji siku moja kamili bila mpira kila wiki, na hiyo ndiyo ngumu kuipata. Ana kocha wa shule, kocha wa mtaa, na rafiki wa mashindano ya Jumapili, na kila mmoja anaamini amempumzisha vya kutosha. Daftari moja la kijana, lenye mazoezi, mechi na saa za kulala, lionekane na makocha wote. Kila asubuhi kabla ya kuinuka ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja ayaandike. Yakibaki juu kuliko kawaida yake kwa siku kadhaa, huku hamu ya chakula na ya mpira ikipungua, mazoezi yapunguzwe kabla misuli haijachanika.

Mapigo yakibaki juu hata baada ya wiki mbili za usingizi wa kutosha, ratiba si tatizo tena. Apimwe malaria na wingi wa damu. Wasichana waliovunja ungo hupungukiwa madini ya chuma mara kwa mara, na uchovu wa aina hiyo hauponi kwa kulala. Kijana anayekoroma kila usiku na kuamka na kichwa kinachouma anahitaji daktari amwangalie koo na pua.