Poza jeraha, mtoto abaki na joto
Maelezo kwa wazazi na walezi wa Kata ya Bulongwa kuhusu mtoto mdogo aliyeungua



Katika nyumba nyingi za Makete jiko ndilo chumba chenye joto, na kwa sababu hiyo ndiko mtoto anakojifunzia kutembea. Chai, uji na maji ya kuoga huchemshwa pale pale anapochezea. Watoto wengi wa umri huo hawaunguzwi na moto wenyewe, bali na kimiminika cha moto: kikombe kilichovutwa kutoka ukingoni mwa meza, sufuria iliyoshikwa mkono wake, beseni lililotiwa maji ya moto kabla ya maji ya baridi.

Wako wanaodhani kwamba maji ya milimani hayaunguzi sana kwa kuwa huchemka mapema. Ni kweli kwamba kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2000 maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za sentigredi, takriban kwenye nyuzi 93. Lakini ngozi ya mtoto ni nyembamba, na maji ya nyuzi 60 tu huweza kumwunguza vibaya kwa muda mfupi sana. Chai iliyoachwa mezani dakika kadhaa, ambayo mtu mzima anainywa bila taabu, bado ni hatari kwake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba joto haliishi pale maji yanapomwagika. Hubaki ndani ya ngozi na kuendelea kuunguza kuelekea chini, hata baada ya chanzo chake kuondolewa. Maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 hulitoa joto hilo. Hupunguza maumivu na kina cha jeraha, na hivyo hupunguza uwezekano wa kovu kubwa. Dakika 2 au 3 hazitoshi. Iwapo maji hayakupatikana mara moja, kupoza bado kuna faida hadi saa 3 baada ya ajali, ingawa kila dakika ya mwanzo ina thamani zaidi.

Jambo la pili linahusu zaidi nchi ya baridi kama hii. Mtoto mdogo hupoteza joto la mwili upesi, na mtoto aliyelowa katika asubuhi ya Juni au Julai anaweza kupoa kupita kiasi huku mama akidhani anamtibu. Kwa hiyo kanuni ni moja yenye sehemu mbili: jeraha lipozwe, mtoto atiwe joto.

Kanuni hiyo itaeleweka vizuri kwa mfano. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye uzito wa kilo 10, anavuta kitambaa cha meza saa 12 na nusu asubuhi. Kikombe cha chai kinamwagikia kifua na bega la kushoto. Amevaa sweta la sufi, fulana na nepi.

Tendo la kwanza ni kumtoa penye hatari na kumvua nguo zilizolowa. Sweta la sufi hushika chai ya moto kama sifongo na kuendelea kuunguza, na nepi hufanya vivyo hivyo iwapo maji yameshuka hadi kiunoni. Shanga, bangili na nyuzi za mkononi au kiunoni zivuliwe pia, kwa sababu mwili utavimba na vitu hivyo vitabana. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Ikatwe kuizunguka, na kipande kilichoshika kiachwe mahali pake. Kama kilichomwagika ni uji, ambao hunata na kushika joto kwa muda mrefu kuliko chai, uondolewe kwa maji yenyewe, si kwa kufuta.

Tendo la pili ni maji. Penye bomba, maji yatiririke taratibu juu ya kifua na bega. Pasipo na bomba, jagi na ndoo vinatosha. Jagi la lita 1 likimiminwa polepole huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo dakika 20 zitahitaji takriban lita 40, yaani ndoo 2 za lita 20. Ikiwa nyumbani kuna ndoo 1 tu, mtoto ashikwe juu ya beseni safi, na maji yanayoanguka yachotwe na kumiminwa tena, mradi hayajapata joto wala kuchafuka. Mtu mmoja aangalie saa, maana dakika 20 za mtoto anayelia huonekana kuwa ndefu kuliko zilivyo.

Maji yawe ya baridi ya kawaida. Barafu haifai, wala maji ya ndoo iliyolala nje usiku wa jalidi hadi yakaganda juu, kwa sababu baridi kali hubana mishipa ya damu na kuiumiza zaidi ngozi iliyokwisha kuungua. Kipimo chepesi ni mkono wa mtu mzima: usipoweza kukaa ndani ya maji hayo kwa dakika 1 bila kuuma kwa baridi, yaongezwe maji ya vuguvugu kidogo.

Tendo la tatu huenda sambamba na la pili. Wakati kifua na bega vinapozwa, kichwa kivalishwe kofia, na miguu, tumbo na mkono wa kulia vifunikwe kwa blanketi kavu. Dalili za mtoto aliyepoa kupita kiasi ni kutetemeka kusikokoma, midomo kugeuka rangi, mwili kulegea na usingizi usio wa kawaida. Zikionekana, kupoza kusimamishwe, mtoto akaushwe na kukumbatiwa kifuani ndani ya blanketi, kisha aende hospitalini hata kama dakika 20 hazijatimia. Asiwekwe karibu na moto ili apate joto, na jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua bila harufu.

Saa 12 na dakika 50 kupoza kumekwisha. Jeraha lifunikwe kwa nailoni safi ya kufungia chakula, ilazwe juu bila kuzungushwa na kukazwa. Isipokuwapo, kanga iliyofuliwa, laini na isiyotoa nyuzi, inafaa. Pamba isitumike, kwa sababu nyuzi zake hunasa katika jeraha. Malengelenge yasipasuliwe.

Hapa ndipo mikono ya majirani inapoingia na dawa ya meno, unga, yai, asali, majivu au mafuta ya kupikia. Sababu ya kuvikataa ni ya wazi. Mafuta na dawa ya meno hulifungia joto ndani. Yai bichi na majivu hupeleka vijidudu mahali palipopoteza kinga ya ngozi. Vyote hulificha jeraha, hata mhudumu wa afya alazimike kulisugua kwanza, kwa maumivu makubwa, kabla ya kujua kina chake.

Kwa maumivu, parasetamol ya maji inafaa ikiwa mtoto yu macho na anameza. Kiasi chake hufuata uzito, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa mtoto huyu wa kilo 10, mililita 5 za dawa iliyoandikwa miligramu 120 katika mililita 5 ziko ndani ya kiasi hicho. Maandishi ya chupa yasomwe kwanza, kwa sababu chupa hazifanani nguvu. Aspirini asipewe.

Sasa swali la kwenda hospitalini. Mtoto mwenyewe amebeba kipimo chake: kiganja chake pamoja na vidole ni takriban sehemu 1 kati ya 100 za ngozi yake yote. Jeraha la mtoto wa mfano huu lina ukubwa wa viganja vyake 5. Jeraha linalozidi kiganja 1 lipelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa hiyo la kwake halina mjadala. Linapofikia viganja 10, mwili hupoteza maji mengi kupitia ngozi iliyoungua, na mtoto anaweza kuingia katika mshtuko saa chache baadaye ingawa mwanzoni alionekana mchangamfu. Huyo anahitaji maji ya mshipani bila kuchelewa.

Ukubwa si kipimo pekee. Hata jeraha dogo lipelekwe hospitalini likiwa usoni, shingoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri au juu ya kiungo kinachokunjwa, au likiwa limezunguka mkono au mguu mzima. Kovu la kiungoni huvuta kadiri linavyokomaa, na kidole kisichotibiwa vizuri huweza kubaki kimekunjwa. Hali kadhalika kuungua kwa umeme au kemikali, kuvuta moshi, na jeraha lolote la mtoto aliye chini ya mwaka 1. Jeraha lenye malengelenge, hata dogo, lionwe na mhudumu wa afya.

Kuna dalili moja inayopotosha watu wengi. Ngozi nyekundu, yenye unyevu na maumivu makali, bado ina uhai. Ngozi nyeupe, ya kahawia au kavu kama ngozi ya ng'ombe, ambayo mtoto halii inapoguswa, imeungua hadi mishipa ya fahamu ikafa. Kimya hicho si nafuu. Jeraha la namna hiyo ndilo la haraka zaidi.

Wakazi wa kata hii wana Hospitali ya Bulongwa ya KKKT karibu nao. Safarini mtoto afunikwe vizuri, hasa akipanda bodaboda, kwa kuwa upepo juu ya nguo mbichi humaliza joto lake. Anyonyeshwe kama kawaida ikiwa yu macho na hatapiki. Kadi ya kliniki ichukuliwe ili chanjo ya pepopunda iangaliwe. Mhudumu aelezwe mambo matatu: kilichomwunguza, saa ya ajali, na dakika ambazo jeraha lilipozwa.

Baada ya kurudi nyumbani, siku za mwanzo zina uangalizi wake. Homa, upele, kutapika, kuharisha au kulegea humaanisha kurudi hospitalini mara moja, usiku au mchana, hata kama kidonda chenyewe kinaonekana kizuri, kwa sababu sumu za vijidudu huweza kuenea mwilini kutoka katika jeraha dogo. Usaha, harufu mbaya au wekundu unaotanuka nje ya jeraha ni dalili za namna hiyo hiyo. Na jeraha ambalo halijafunga baada ya wiki 2 lirudishwe kwa daktari, kwa sababu kuanzia hapo uwezekano wa kovu nene huongezeka, na huenda likahitaji tiba ambayo bendeji za nyumbani haziwezi kuitoa.